Hotuba ya siku ya michezo: andika ukimfikiria atakayefika wa mwisho

Mara ya kwanza mkuu wa shule aliponipa mikro nifungue siku ya michezo, nilisimama mbele ya watoto wapata mia tatu nikawaambia maneno niliyoyasikia tangu utoto wangu: la muhimu si kushinda, la muhimu ni kushiriki. Niliyasema kwa moyo wote. Ndipo nikamwona mvulana wa mwaka wa sita, mwenye mbio kuliko wote pale shuleni, akikunja uso na kumgeukia mwenzake. Mtoto yule alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia kabla ya masomo, nami nimemwambia kwamba anachokitafuta hakina maana. Kwenye mstari wa nyuma nako, watoto wazito na wale wadogo wa umbo waliangalia chini. Wao walisikia kwamba wataachwa leo, wasilie. Sentensi moja ikawaumiza wa mbele na wa nyuma.

Ninafundisha shule ya msingi hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, na tangu siku ile nimefungua michezo mara tano nyingine. Ninaandika haya kwa ajili ya mwalimu au mzazi atakayepewa mikro mwaka huu, maana kazi hii huwa tunapewa jioni, michezo ikiwa kesho asubuhi.

Mwaka uliofuata nilitafuta mfano mkubwa. Wageni wa heshima wa mji wetu wanapenda kuitaja Mazembe ya 2010, klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, kule Abu Dhabi. Ni fahari yetu na watoto wanaijua, lakini inawafaa wale ambao tayari wanajiona wachezaji. Mimi nikamchagua John Stephen Akhwari wa Tanzania. Kwenye maratoni ya Olimpiki ya Meksiko, 1968, alianguka akaumia goti, akafungwa bendeji, akaendelea. Aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, na alipoulizwa kwa nini hakuacha, alisema nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Watoto 300 walinyamaza kabisa. Nikajua nimefaulu.

Baada ya hotuba, msichana mmoja alinifuata pale kwenye kivuli cha mwembe. Akaniuliza taratibu, bila kiburi: “Madamu, yule baba alikuwa na jeraha. Na mimi ambaye sina jeraha, ni mzito tu?”

Swali lile nililala nalo. Akhwari alifika wa mwisho kwa sababu ambayo kila mtu aliyeona aliielewa, bendeji ilikuwa inaonekana. Mtoto asiye na mbio hana bendeji ya kuonyesha. Ukimpa mfano wa shujaa aliyeumia, unamwachia aibu yake palepale ulipoikuta. Ninachoamini sasa ni kwamba mtoto wa aina hii hahitaji kufarijiwa mbele ya watu. Anahitaji kazi yake mwenyewe siku ile, yenye namba, ambayo anaweza kuifanya vizuri au vibaya kama mwenzake wa mbele. Hotuba haiwezi kumpa kitu ambacho ratiba ya michezo haina. Kwa hiyo hotuba yangu siku hizi inaanza wiki mbili kabla, kwenye daftari la mwalimu wa michezo.

Tunachopima ni kuruka mbele miguu pamoja, bila kukimbia. Tulichagua hicho kwa sababu hakihitaji viatu wala kronometa, na darasa la watoto 46 linamalizika kwa saa moja. Mtoto anasimama nyuma ya mstari, anakunja magoti, anarusha mikono, anaruka. Unapima kutoka mstarini hadi kisigino kilicho karibu zaidi na mstari, kwa mita ya seremala. Anaruka mara tatu, unaandika ile ndefu. Baada ya siku 14, siku ya michezo yenyewe, anaruka tena mara tatu mahali palepale.

Upimaji usipofanana, hotuba nzima inageuka uongo. Mwaka wa kwanza wa jaribio hili, mara ya kwanza tulipima hadi vidole vya mguu, mara ya pili mwalimu mwingine akapima hadi kisigino. Darasa zima likaonekana limerudi nyuma kwa urefu wa unyayo, karibu sentimita 20. Mtoto mmoja aliruka vizuri sana, akaambiwa amepungua, akaenda kukaa peke yake. Niligundua kosa pale nilipoona hakuna hata mmoja aliyepanda. Ukiona wote wamepanda au wote wameshuka, usiwatazame watoto, itazame mita na mtu anayeishika.

Basi hotuba inakuwa nyepesi kuandika, kwa sababu ina jambo la kusema. Hii ndiyo niliyoisoma mwaka jana, karibu yote:

“Jambo yenu, batoto! Leo kiwanjani kuna mashindano ya aina mbili. La kwanza mnalijua: mbio, kamba, mpira. Huko kutakuwa na wa kwanza, wa pili na wa tatu, na wale waliojizoeza asubuhi na mapema tutawapigia makofi ya nguvu, wanastahili. La pili liko kwenye daftari hili la kijani. Humu mna jina la kila mmoja wenu na namba yake ya siku 14 zilizopita. Mwingine ameandikiwa mita 1,60. Mwingine ameandikiwa sentimita 85. Leo yule wa 85 hashindani na wa 1,60. Anashindana na 85. Akifika 86, mwalimu atanyanyua bendera ya manjano, na sote tutapiga makofi yaleyale. Asipofika, tutaandika alichoruka, maana ni chake. Mkiruka, rusheni mikono kabla ya miguu. Na mwenzenu akiwa bado anakimbia, hakuna anayeondoka mstarini mpaka afike. Michezo imefunguliwa!”

Utaona sikuwaahidi kwamba wote watapanda. Wiki mbili ni muda mfupi. Wengi wanaopanda wamejifunza tu kurusha mikono, wachache ndio walioongeza nguvu za miguu. Wapo watakaobaki palepale, wapo watakaoshuka kwa sababu walilala vibaya au hawakula. Ukiahidi bendera ya manjano kwa kila mtoto, asiyeipata atakuwa ameshindwa mara mbili. Pia utaona kuna ushauri mmoja wa kweli wa kuruka ndani ya hotuba. Huo mimi siuondoi tena. Mtoto anayedhani mbio ni zawadi ya kuzaliwa anashangaa kusikia kuna jambo la kufanya kwa mikono, na nimewaona wakiwa bado wamepanga mstari, wakijaribu kurusha mikono kimyakimya.

Kuhusu mtoto mwenye ulemavu, naomba uwe mwangalifu sana. Darasani kwetu kulikuwa na mvulana anayetembea kwa magongo. Nilitaka kumtaja kwenye hotuba kama mfano wa ujasiri, na nilishaiandika sentensi. Bahati nzuri nikamwonyesha kwanza. Aliisoma, akanirudishia karatasi akasema: “Madamu, usitaje mguu wangu.” Nikaifuta mbele yake. Halafu nikamuuliza angependa nini, akasema kutupa. Tukampimia kutupa mpira akiwa ameketi kwenye benchi, mara tatu, na namba yake ikaingia daftarini kama za wengine. Siku ya michezo watoto wengine watatu wakaomba nao watupe wakiwa wameketi. Wote watatu hawakumfikia. Kwenye mikro sikusema lolote juu yake, na nadhani ndiyo heshima aliyoitaka.

Watoto wasioweza kushiriki siku ile, wenye homa, wenye pumu, wapewe kazi ambayo bila wao mchezo hauendi: kushika mita, kuandika daftari, kunyanyua bendera. Lakini kazi hizo zizunguke. Shule nyingi mtoto mnene ndiye anayetumwa kuchota maji kila mwaka, na kila mtu anaelewa kwa nini, yeye wa kwanza.

Sasa, kuna mtu mmoja anayeweza kuiua hotuba yako kwa dakika tano: mtangazaji. Ameshika mikro kutwa nzima, wewe umeishika dakika tatu. Kawaida yake ni kutaja wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu “haya, mbio zinazofuata!” huku watoto watano bado wako njiani. Mwaka mmoja waliukunja utepe wa mwisho wakati msichana wa mwisho amebakiza hatua kama kumi. Alisimama. Hakuumaliza mstari, kwa sababu mstari haukuwepo tena. Tangu hapo ninamwona mtangazaji asubuhi, kabla ya wazazi kufika, ninamwomba mambo mawili: asitangaze mbio zinazofuata mpaka wa mwisho avuke, na bendera ya manjano ikinyanyuliwa aseme jina na namba zote mbili, ya zamani na ya leo. Ninampa yameandikwa kwenye kikaratasi. Walioshika utepe nao ninawaambia hivyo hivyo.

Urefu wa hotuba: kwa mikro ya kiwanjani, nikisubiri mwangwi na makofi, mimi husoma maneno 90 hivi kwa dakika. Dakika tatu ni maneno 270, na hayo yanatosha. Mwezi wa sita hapa kwetu asubuhi ni baridi, watoto wako kaptula na fulana, upepo unabeba vumbi. Ukipita dakika tano wanaanza kuruka-ruka kujipasha joto na hakuna anayekusikia. Kama kuna wageni wa heshima watakaohutubu kwa Kifaransa, omba wao watangulie na wewe uwe wa mwisho, ili sentensi yako ya kufungua iungane na mchezo wa kwanza. Nawe sema Kiswahili kile ambacho watoto wanachezea uwanjani. Nilipoanza na “Jambo yenu” badala ya salamu za itifaki, hata wadogo wa mwaka wa kwanza waliitikia.

Ukimaliza, usirudi kwenye kiti cha wageni. Nenda pale panapoanzia kuruka, ushike daftari mwenyewe kwa darasa la kwanza. Mwaka jana ndivyo nilivyofanya, na msichana wa swali lile, aliyekuwa amefika mwaka wa tano, aliruka sentimita 117. Wiki mbili kabla alikuwa na 108. Hakurukaruka wala hakupiga kelele. Aliinama akasoma mstari wake daftarini, akaweka kidole juu ya 117, akaniuliza kama kile kisigino nilikipima kweli.

Nikampimia tena.