Mbona bima ya maisha hupanda na umri?

"Nina miaka 50, siumwi kitu. Mbona nadaiwa mara tatu ya kijana wa 30?"

Ndugu, bei huanzia kwa rika lako zima, halafu ndipo kampuni ya bima iangalie vipimo vyako vya afya. Chukulia jedwali la vifo linaonyesha kati ya watu 1,000 wa miaka 30, wawili hufa ndani ya mwaka; wa miaka 50, sita. Kwa bima ya mwaka mmoja ya shilingi milioni moja, kijana anachangia 2,000, wewe 6,000, na fedha hizo ndizo hulipa familia za waliofariki. Anayesema bei hii "ni faida tu" ya kampuni yuko sahihi nusu: gharama na faida huongezwa juu ya hapo. Omba vipimo; vikiwa vizuri, baadhi ya kampuni hupunguza, nyingine hazipunguzi.