Kiti cha kukunja bafuni: ukuta wa vigae utabeba?

"Kiti cha mama kimeandikwa kilo 130. Je, ukuta wa matofali wenye vigae utakibeba?"

Salaam, ndugu. Kilo hizo ni za kiti kilichofungwa kwenye ukuta usio na uwazi, kwa hiyo anza na ukuta. Toboa kigae bila kuwasha mpigo wa nyundo wa keekee, kisha endelea taratibu. Kwetu keekee ilizama ghafla baada ya sentimita chache, ishara ya tofali lenye uwazi, na plagi za plastiki zikawa zinazunguka tu. Tulipitisha bolti nne hadi upande wa pili wa ukuta, tukazikaza kwa nati juu ya bamba la chuma. Kabla bibi yetu, mwenye kilo 70, hajakikalia, tuliweka polepole mifuko miwili ya saruji ya kilo 50 karibu na ukingo wa mbele, tukachunguza kama fremu imeachana na kigae kwa juu, kwani huko ndiko bolti huvutwa zaidi.