Jinsi lahajedwali langu lilivyomdai mteja deni la siku 103 kwa ankara ya jana

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Arusha, anayefanya kazi za kujitegemea kama mimi, aliniandikia akiuliza ninawezaje kuhudumia wateja 14 peke yangu bila msaidizi. Ninaishi Moshi, na kazi yangu ni kuandika na kuhariri ratiba za safari kwa kampuni ndogo za utalii, nyingi zikiwa Arusha. Nilipokuwa na wateja 6 nilikuwa ninapoteza siku 2 nzima kila mwisho wa mwezi nikifuatilia nani amelipa na nani hajalipa, kisha nikimwandikia kila mmoja barua ya kumkumbusha. Leo kazi hiyo inanichukua muda wa kikombe kimoja cha chai. Ninajivunia hilo, lakini sitaki kuficha kwamba nilifika hapa kwa kumvunjia heshima mtu aliyeniamini.

Mpangilio wenyewe ni mwepesi. Katika Google Sheets nina karatasi moja inayoitwa Ankara, na kila ankara ina mstari wake. Safu ya A ni namba ya ankara, B ni jina la mteja, C ni barua pepe yake, D ni tarehe ya ankara, E ni kiasi ninachodai, F ni kilicholipwa, na G ni kodi ya zuio iliyokatwa. Safu ya H inahesabu siku zilizopita tangu muda wa kulipa uishe, nami ninawapa wateja siku 14:

```
=IF(E2-F2-G2<=0,"",TODAY()-D2-14)
```

Deni likiisha, seli inabaki tupu. Likiwa bado lipo na siku 14 zimepita, inaonekana namba iliyo juu ya sifuri. Safu hiyo ipewe muundo wa namba, isije ikaonyesha tarehe badala ya idadi ya siku. Juu ya hesabu hiyo niliandika skripti fupi katika Apps Script, sehemu ya Google ya kuandikia programu za lahajedwali, nikaiwekea ratiba ya kujiendesha kila siku kati ya saa 1 na saa 2 asubuhi, ambayo kwenye skrini inasomeka 7am to 8am. Skripti ilisoma safu ya H, na palipo na namba iliyozidi sifuri ilituma kumbusho moja kwa moja, bila mimi kuliona.

Tarehe 2 Juni 2025 nilimpelekea ankara mzee mmoja mwenye kampuni ya safari, aliyekuwa mteja wangu wa kwanza kabisa. Asubuhi iliyofuata alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Binti yangu, karatasi umeniletea jana, leo unaniambia ninadaiwa siku 103. Nimekukosea nini?" Sikuwa na jibu. Nilifungua lahajedwali huku yeye bado yuko kwenye simu, nikauona mstari wake na namba 103 mbele yake, na nisielewe imetoka wapi.

Chanzo kilikuwa mpangilio wa eneo la lahajedwali, ambao ulikuwa United States. Huko mwezi hutangulia siku. Mimi niliandika 02/06/2025 nikimaanisha tarehe 2 Juni, nalo likasoma tarehe 6 Februari. Ukiongeza siku 14 unapata tarehe 20 Februari, na kutoka hapo hadi tarehe 3 Juni ni siku 103 kamili. Hesabu haikuwa na kosa lolote. Tarehe niliyoipa ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Nilipochunguza mistari mingine niligundua kwamba hasara ilikuwa ya pande mbili. Ankara ya tarehe 5 Machi, niliyoiandika 05/03/2025, ilisomwa kuwa ya tarehe 3 Mei, kwa hiyo mteja yule alikumbushwa miezi 2 baada ya wakati wake. Ankara za tarehe zinazozidi 12, kama 25/03/2025, hazikusomwa kuwa tarehe kabisa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Zilibaki maandishi matupu, safu ya H ikaonyesha #VALUE!, na skripti ikaziruka kimya kimya, hivyo wadaiwa hao hawakuwahi kupata barua hata moja. Mimi niliona ukimya wao nikadhani ni ukaidi.

Dalili ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: tarehe ya kweli hukaa upande wa kulia wa seli, na maandishi hukaa upande wa kushoto. Safu yangu ya D ilikuwa imechanganyika, nyingine kulia, nyingine kushoto, nami nilidhani ni suala la sura tu.

Marekebisho yanaanzia File, kisha Settings, kisha Locale. Mimi nilichagua United Kingdom, kwa kuwa huko siku hutangulia mwezi na fomula zinaendelea kutumia mkato; katika maeneo mengine ya Ulaya mkato hugeuka kuwa nuktamkato. Usidhani, hata hivyo, kwamba kubadilisha eneo kunaponya tarehe za zamani. Ile iliyokwisha kuwa Februari inabaki Februari, na hubadilika namna ya kuandikwa tu. Nilikaa na nakala za ankara zangu nikaandika upya safu nzima ya D, mstari kwa mstari. Kisha nikaipa muundo unaoonyesha jina la mwezi, 02-Jun-2025, ili jicho lenyewe liweze kukamata kosa.

Badiliko la pili ni kwenye skripti. Siiruhusu tena kutuma barua. Inaandaa rasimu tu, na inaweka tarehe katika safu ya I ili ankara moja isiandaliwe kumbusho mara mbili:

```
function kumbusha() {
  const s = SpreadsheetApp.getActive()
    .getSheetByName('Ankara');
  const d = s.getDataRange().getValues();
  for (let i = 1; i < d.length; i++) {
    const r = d[i];
    if (typeof r[7] === 'number' && r[7] > 0 && r[8] === '') {
      GmailApp.createDraft(r[2], 'Ankara ' + r[0],
        'Habari ' + r[1] + ', ninakumbusha ankara tajwa.');
      s.getRange(i + 1, 9).setValue(new Date());
    }
  }
}
```

Ninasoma kila rasimu kabla ya kuituma, na ninakusihi nawe ufanye hivyo. Mtu anayekulipa anastahili macho yako mawili kabla barua ya deni haijamfikia.

Safu ya G nayo niliiongeza baada ya maumivu. Kampuni inayokata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa ankara ya shilingi 400,000 itakupa shilingi 380,000, na bila safu hiyo zile 20,000 zitaonekana deni milele. Kinachobaki kudaiwa hapo ni cheti cha zuio, wala si fedha.

Fedha zinazoingia kwa simu bado ninaziandika kwa mkono katika safu ya F kila jioni kabla sijalala, kwa sababu skripti haisomi ujumbe wa malipo ulio kwenye simu yangu. Jioni nikisahau, asubuhi ninakuta rasimu ya mtu aliyekwisha kulipa. Ninaifuta, ninajaza F, na mstari unanyamaza. Yule mzee nilimfuata Arusha nikamwomba radhi uso kwa uso. Alinilipa siku hiyo hiyo, akanikaribisha chai, lakini ratiba zake za msimu ule alimpa mwandishi mwingine.