Stika ibaki, menyu ibadilike: msimbo wa QR kwenye meza za wifi yangu

Wifi yangu ana mgahawa Tabata. Wifi kwa maana ya dada wa mume wangu, si ile ya intaneti, ingawa mhudumu wake mpya alinichekesha siku ya kwanza aliponijibu kwamba "wifi hana nywila". Ana meza 14, na kwa miaka mingi menyu yake ilikuwa ubao wa chaki mlangoni. Kila saa nne asubuhi anafuta, anaandika kilichopikwa. Saa nane mchana samaki wakiisha anapitisha kitambaa juu ya neno "samaki", basi.

Tabu ya ubao ni kwamba wateja wa meza za nyuma hawauoni. Ndipo akaniomba nimwekee ule msimbo wa kuskani.

Nilianza kwa kukosea. Niliingia kwenye tovuti mojawapo ya kutengeneza misimbo bure, nikapata picha nzuri yenye rangi za mgahawa, nikachapisha stika 14. Baada ya wiki kadhaa wateja wakawa wanaskani na kupelekwa kwenye ukurasa unaosema muda wa majaribio umekwisha, lipia. Sikuwa nimeelewa kwamba msimbo ule haukubeba anwani yetu hata kidogo. Ulibeba anwani ya ile kampuni, nayo ndiyo iliyokuwa ikiwaelekeza watu kwetu. Kuitambua hali hiyo ni rahisi: ukielekeza kamera, simu huonyesha anwani kabla hujaifungua. Ukiona jina la tovuti usiyoijua badala ya lako, umepanga nyumba ya mtu. Tengeneza msimbo unaobeba anwani yako moja kwa moja. Huo hauna muda wa kuisha, maana ni mchoro tu wa herufi. Kinachoweza kufa ni anwani yenyewe, kwa hiyo kama umenunua jina la tovuti, tarehe ya kulilipia iandike mahali utakapoiona.

Sasa menyu yenyewe. Wengi huchukua PDF aliyowatengenezea mbunifu na kuiweka mtandaoni. Mteja anamaliza bando kupakua picha za sahani, kisha anaanza kuvuta maandishi kwa vidole viwili ili asome bei ya ugali. Na samaki wakiisha, nani atamtafuta mbunifu saa nane mchana?

Mimi niliacha chakula kikae kwenye jedwali la Google Sheets ambalo wifi analifungua kwa simu yake, na ukurasa wa wateja ukawa unasoma jedwali hilo. Safu ni tatu tu: chakula, bei, na kisanduku cha tiki. Kazi kubwa tuliifanya jioni moja. Tuliorodhesha kila kitu alichowahi kupika, mpaka mtori na biriani ya Ijumaa, jumla mistari 38. Tangu hapo asubuhi haandiki kitu kwenye jedwali. Anaweka tiki kwa vilivyopo, anaondoa kwa visivyopo. Bei anazogusa ni za samaki, kwa kuwa hutegemea bei aliyoikuta asubuhi Feri, kwenye soko la samaki.

Kulitoa jedwali nje unahitaji kompyuta mara moja, maana kwenye programu ya simu sehemu hiyo haipo. Nenda `File > Share > Publish to web`. Usichague faili zima. Chagua karatasi ya menyu peke yake, kwa sababu kinachochapishwa huonekana na yeyote mwenye kiungo, na wifi kwenye karatasi ya pili anaandika pesa ya sokoni na madeni ya watu. Kisha chagua `Tab-separated values (.tsv)`. Utapewa kiungo kinachoishia na `output=tsv`.

Ukurasa niliuweka GitHub Pages, ambako hulipii. Ndani yake kuna kichwa, `<ul id="menyu"></ul>`, na chini yake hiki, ndani ya `<script>`:

```js
fetch('KIUNGO_CHA_JEDWALI')
  .then(r => r.text())
  .then(t => {
    const ul = document.getElementById('menyu');
    t.split('\n').slice(1).forEach(mstari => {
      const [chakula, bei, ipo] = mstari.trim().split('\t');
      if (ipo !== 'TRUE') return;
      const li = document.createElement('li');
      li.textContent = chakula + ' – ' + bei;
      ul.appendChild(li);
    });
  });
```

Hiyo tsv nimeisisitiza kwa sababu mwanzoni nilitumia csv, ambayo hutenganisha safu kwa mkato. Ilifanya kazi vizuri mpaka siku moja wifi akanipigia: "Wifi, chakula changu kimekwenda wapi?" Nikafungua. Kulikuwa na chai, chapati na maandazi, basi. Pilau hakuna, wali hakuna, ilhali kwenye jedwali tiki zote zipo. Nilizunguka karibu saa nzima kabla sijaona kilichovibakiza vile vitatu: vyote ni chini ya shilingi 1,000. Kumbe mwanawe, kwa nia njema, alikuwa ameipamba safu ya bei ili 7000 isomeke 7,000. Programu yangu ilipokutana na mkato ule ikakata bei vipande viwili, na pale ilipotarajia kukuta tiki ikakuta masifuri. Hivyo ikaamini hakuna kilichopikwa. Ukitumia tsv, mkato haudhuru kitu. Na ile `trim()` usiiondoe, kwani kila mstari huja na alama isiyoonekana mwishoni, ambayo ikibaki, TRUE haitakuwa TRUE.

Nilitaka pia tarehe ya leo ijiandike yenyewe juu ya ukurasa. Wifi akakataa. "Siku nikiugua nisiguse simu, si itasema ya leo na ni ya jana?" Ana haki. Ukurasa wetu hauna tarehe.

Jambo moja ubao wa chaki unatushinda. Akiondoa tiki, mabadiliko huchukua dakika kadhaa kufika kwa wateja, kwa kawaida kama 5. Saa ya msongamano watu watatu wanaweza kuagiza samaki ambaye hayupo, kwa hiyo mhudumu bado anapaswa kujua jikoni kuna nini. Wifi amejizoesha kuondoa tiki sahani mbili kabla ya mwisho.

Stika za pili nilizichapisha kwa upana wa sentimita 5, zinatosha kabisa kwa mtu aliyekaa mezani. Kijana wa stesheneri alikata ukingo mweupe ili zipendeze, simu zikagoma. Ukingo ule ni sehemu ya msimbo, na upana wake usipungue vijiraba vinne vya mchoro. Unapoutengeneza, kiwango cha kusahihisha makosa chagua Q, kinachovumilia hadi takriban robo ya mchoro kuharibika, maana meza ya mgahawa ina mafuta na kucha za watoto. Plastiki ya kung'aa iepuke kama una taa za tyubu juu, mwanga wake hupofusha kamera.

Halafu andika maneno juu ya mchoro. Zetu za kwanza hazikuwa na neno lolote, na wateja wakazidhani za lipa namba. Mzee mmoja alikula, akaskani, akakaa akingoja sehemu ya kuweka kiasi. Sasa zimeandikwa SKANI UONE MENYU. Yule mzee bado haskani. Anakwenda kusimama mbele ya ubao, ambao wifi hajauondoa mlangoni, na ambao bado anaufuta kwa kitambaa kilekile.