Breki inapokanyagwa taratibu: namna ninavyotafuta mwendokasi na mahali gari lilipo

Wanafunzi wa kidato cha tano ninaowasaidia fizikia huja na v = u + at kichwani, na wakikuta swali lolote la mwendo wanaichomoa hiyo. Inafaa pale tu mchapuko usipobadilika. Mchapuko ukibadilika kadiri muda unavyokwenda, weka fomula hiyo kando uintegreti, maana kila sekunde ina "a" yake.

Swali ninalopenda kuwapa ni hili. Dereva anakanyaga breki polepole, mguu ukizidi kushuka, hivyo mchapuko ni a = −2t, kwa mita kwa sekunde ya mraba, na t inahesabiwa tangu mguu ulipogusa breki. Sekunde ya 2 gari lilikuwa na mwendokasi wa mita 12 kwa sekunde. Sekunde ya 3 lilikuwa mita 49 mbele ya nguzo fulani ya barabarani. Je, lilisimama wapi?

Integreti mchapuko upate mwendokasi:

v = −t² + C

Hapa ndipo kalamu nyingi huteleza. Mtu anaona 12 kwenye swali, anaandika C = 12 na kusonga mbele. Lakini hiyo 12 ni ya sekunde ya 2, si ya mwanzo. Ingiza t na v kwa pamoja: 12 = −4 + C, kwa hiyo C = 16. Gari lilikuwa linakwenda mita 16 kwa sekunde, karibu kilomita 58 kwa saa, breki ilipoanza kukanyagwa. C ni mwendokasi wa mwanzo pale tu sehemu zote zenye t zinapokuwa sifuri t ikiwa sifuri. Kwa −t² ni kweli. Mchapuko ukiwa na sine au e ndani yake, mara nyingi si kweli. Ndiyo maana nawaambia waingize namba kila mara, hata pale jibu linapoonekana wazi.

Integreti tena:

x = 16t − t³/3 + D

Sekunde ya 3 inatoa 49 = 48 − 9 + D, basi D = 10. Maana yake breki ilianza kukanyagwa gari likiwa tayari limeipita nguzo kwa mita 10. Kuintegreti mara mbili kumezaa konstanti mbili, ndiyo maana swali lilihitaji taarifa mbili. Ukipewa mchapuko na mwendokasi peke yake, unaweza kusema gari limesogea umbali gani, lakini huwezi kusema liko wapi.

Gari linasimama v ikiwa sifuri: t² = 16, t = 4. Ingiza kwenye x: 64 − 21.33 + 10, yaani mita 52.67 kutoka kwenye nguzo. Angalia swali limeuliza nini, kwa sababu umbali uliotumika kufunga breki ni mita 42.67 tu.

Sasa mjanja mmoja hukosekana mara chache. Atasema mchapuko umetoka 0 hadi −8, wastani ni −4, kwa nini tujitese? Akitumia −4 anapata v = 16 − 4×4 = 0 sekunde ya 4. Sahihi kabisa! Anajipongeza, kisha anatafuta umbali: 16×4 − ½×4×16 = mita 32. Zimepungua mita kumi na zaidi, zaidi ya urefu wa magari mawili madogo. Wastani wa mchapuko kwa muda hutoa badiliko sahihi la mwendokasi, kwa kuwa badiliko hilo ni eneo lote chini ya grafu ya a, lipangwe vyovyote. Umbali unajali mpangilio. Breki hii ilikuwa legevu mwanzoni, gari likaendelea kukimbia: sekunde ya 2 bado lina mita 12 kwa sekunde, wakati hesabu ya wastani inadai 8. Dereva angekanyaga kwa nguvu kwanza kisha akalegeza, wastani ukabaki uleule, gari lingesimama mapema kuliko mita 32.

Kuhakiki kunachukua nusu dakika. Diferenshieti x upate v, diferenshieti v upate a, kisha rudisha t = 2 na t = 3 uone kama 12 na 49 zinatokea.

Halafu andika mipaka: 0 ≤ t ≤ 4. Ukiingiza t = 6, fomula itakupa v = −20, kana kwamba gari linarudi nyuma kwa kasi kubwa kuliko liliyokuja nayo. Breki haisukumi gari nyuma. Gari likishasimama, a = −2t haifanyi kazi tena: mchapuko ni sifuri, v ni sifuri, na x inabaki 52.67 hadi dereva aondoe gari.