Rusha roho na maana ya kwanza ya taarab

Swali la wiki: "Je, rusha roho ya leo bado ni taarab?"

Mhariri, mimi ni mtu wa ala za nyuzi, udi na kanuni, kwa hiyo jibu langu la haraka ni hapana. Ila kabla hatujagombana kuhusu vinanda vya umeme, tulitazame jina lenyewe. Kwa Kiarabu, tarab si ala. Ni hali inayompata msikilizaji anapoguswa na wimbo mpaka akajisahau, iwe kwa furaha au kwa huzuni. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, alipoleta muziki wa Misri kwenye jumba lake, watu walikaa kitako kuitafuta hali hiyo. Jina la ngoma lilipita njia nyingine: lilianza na kitu cha kupigwa, likawa la mchezo, likawa la shughuli nzima, na leo kijana wa Bongo Fleva anatoa "ngoma mpya" isiyo na ngozi hata kipande.

Nina harusi moja ya Temeke kichwani. Turubai limefunga njia, spika zimeelekea ukutani kwa jirani, kinamama wako kwenye madera ya sare. Shangazi yangu, aliyelelewa Zanzibar na nyimbo za Ikhwani Safaa, kundi la tangu 1905, amekaa mkekani amenuna. "Hii disko," ananiambia. Mara mwimbaji akaingia ubeti wa mtu anayesemwa na watu naye kanyamaza. Shangazi akatulia. Akafungua pindo la khanga, akatoa noti, akainuka na goti lake bovu, mkono juu, mwendo wa taratibu. Hakwenda moja kwa moja kutunza. Alizunguka viti vyote mpaka mbele ya wifi yake, ambaye walikuwa hawasemeshani, akasimama pale hadi ubeti ukaisha. Ndipo akamfuata mwimbaji, akamshikisha noti yake. Alirudi mkekani machozi yanamtoka, na anacheka.

Sasa ile kama si tarab ni nini? Tena kinanda kile kile alichokiita disko ndicho kilichomwinua. Na hilo jina la rusha roho, ingawa sisi tunalitumia kwa kumchoma mtu na kumtia wivu, ukilitazama vizuri linasema roho imetoka mahali pake. Liko karibu na Kiarabu cha zamani kuliko wengi tunavyodhani.

Basi kwa jina naikubali, shingo upande. Kwa ala na mpangilio wa muziki bado nasema ni kitu kingine, na vijana waendelee kufundishwa kanuni, maana kinanda hakiwezi kushika nafasi yake. Na naikubali pale tu ubeti unaposikika. Shangazi aliinuliwa na maneno. Besi ikishayameza maneno na watu wamebaki kukata viuno, hapo tuna mchezo mzuri tu, lakini mimi siuiti taarab, aimbe nani.

Msomaji, Magomeni