Niliwahi rukuu ya pili ya swala ya kupatwa kwa mwezi: rakaa nimeipata?

Swali: Assalaam alaykum shehe. Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa, nilichelewa kufika msikitini, hapa Makorora, Tanga. Rakaa ya kwanza nilimkuta imamu amerukuu, nikarukuu naye, akainuka kisha akaenda kusujudu. Nikaendelea naye mpaka akatoa salamu, nami nikatoa. Mwenzangu asema rakaa ile haikuhesabika. Kweli? Na mbona khutba ilikuja baada ya swala?

Jibu: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenzako amesema kweli. Nakujibu kwa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu huku pwani.

Swala hii ni rakaa mbili, lakini kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili, kama alivyosimulia Bibi Aisha: rukuu nne na sijida nne katika rakaa mbili. Imamu akisha kusoma Fatiha na sura, hurukuu, kisha huinuka akisema "Samiallahu liman hamidah", na hapo haendi kusujudu. Husoma Fatiha tena na sura nyingine, fupi kuliko ya kwanza, arukuu mara ya pili, ainuke, ndipo ateremke kwenye sijida. Rakaa ya pili huenda vivyo hivyo.

Rukuu inayomwingiza mtu kwenye rakaa ni ile ya kwanza. Ya pili inaifuata tu, na aliyeikuta hiyo ameshapitwa na kisimamo, Fatiha na rukuu ya asili. Wewe ulimwona imamu akiinuka na kwenda moja kwa moja kusujudu, basi ile ilikuwa ya pili. Angeinuka ukamsikia anaanza Fatiha, ungejua umewahi. Na usiku ule kusikia kulikuwa rahisi, maana swala ya mwezi husomwa kwa sauti; ya jua ndiyo husomwa kimyakimya.

Kwa hiyo imamu alipotoa salamu, wewe ulikuwa na rakaa moja tu. Ilikupasa usimame ulete nyingine nzima, yenye visimamo viwili na rukuu mbili. Kama mwezi ungekuwa umeshatoka katika kupatwa, ungesoma sura fupi, lakini rukuu usingeipunguza. Ungelikumbuka papo hapo baada ya salamu, ungesimama ukamalizia. Sasa muda umepita, na swala hii haina kadha: imewekwa kwa ajili ya kupatwa, na kupatwa kumekwisha. Ni sunna iliyokokotezwa, si faradhi, basi huna dhambi.

Wengi huchelewa kwa kudhani ni swala ya dakika kumi. Ibn Abbas alikadiria kisimamo cha kwanza cha Mtume, rehema na amani zimshukie, kuwa kama urefu wa kusoma Suratul Bakara. Asmaa binti Abubakari alisimama katika swala hiyo mpaka akakaribia kuzirai, akawa anajimwagia maji kichwani. Wanazuoni wetu wamekadiria visimamo vinne kwa kupungua: Bakara, kisha kiasi cha aya mia mbili, mia na hamsini, na mia, na rukuu nazo hurefushwa kwa tasbihi. Usiku ule nafasi ilikuwepo: mwezi ulianza kumegwa kama saa 1:27, ukafunikwa wote kuanzia saa 2:30 hadi saa 3:52, ukasafika saa 4:56. Hata hivyo imamu mwenye wazee na wagonjwa nyuma yake, nionavyo mimi, asome kiasi wanachoweza kustahimili.

Ama khutba, hapa haifanani na Ijumaa ambako hutangulia. Mtume alipomaliza kuswali, jua limeshakunjuka, ndipo alipowahutubia watu. Ilikuwa siku aliyofariki mwanawe Ibrahimu, mwaka wa 10 wa Hijra, na watu walikuwa wakisema jua limepatwa kwa msiba huo. Akawaambia kwamba jua na mwezi ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu, na wakiona hivyo waombe, walete takbira, waswali na watoe sadaka. Kwetu huwa khutba mbili, kwa nguzo zilezile za Ijumaa, na husomwa hata mwezi ukishatoka, ilhali swala yenyewe haianzwi tena ukishatoka. Mafakihi wa Kihanafi hawaweki khutba hapa, na rukuu kwao ni moja kwa kila rakaa. Ukiswali nyuma yao, mfuate imamu wako.

Masbuki anayemalizia rakaa yake khutba ikiwa imeanza, amalizie. Kuisikiliza si sharti la swala yake.